Kutafuta Ku na Pu: upandishe geini, upige hatua, au utumie relei?

Kanuni nyingi za kupanga kidhibiti cha PID zinahitaji namba mbili. Ya kwanza ni geini ya ukomo, Ku, yaani kizidisho kinachokifanya kitanzi cha kidhibiti na mchakato wake kiyumbe bila kufifia na bila kukua. Ya pili ni kipindi cha ukomo, Pu, muda wa wimbi moja kamili la kuyumba huko. (Vifaa vingi huandika Tu badala ya Pu. Hapa tunatumia Pu ili isichanganywe na neno "tu".) Ukishazipata, hesabu inayobaki ni ya dakika moja. Kazi iko kwenye kuzipata bila kuharibu kinachodhibitiwa.

Njia za kuzipata ni tatu. Ziegler na Nichols walichapisha njia ya kupandisha geini mwaka 1942, na katika kazi hiyohiyo wakaeleza njia ya hatua, ambayo kidhibiti huondolewa kazini na hita au vali ikasogezwa mara moja. Ya relei ilitolewa na Åström na Hägglund wa Lund, Sweden, mwaka 1984. Kwa vitanzi vingi vya joto, mgandamizo na kimo cha maji, tungechagua relei. Lakini relei ina makosa yake ya kudumu, na kuna mahali haifai kabisa, kwa hiyo tuzipime njia zote tatu juu ya kitu kimoja.

Kitu chenyewe

Tuchukue kipande cha alumini cha gramu 360 hivi, chenye hita ya katriji ya wati 200 na kihisi cha PT100 kilichofunikwa kwa ala ya chuma. Lengo ni nyuzi 80, na chumba kina nyuzi 26. Ukiongeza nguvu ya hita kwa asilimia 1, joto hatimaye hupanda nyuzi 1.5. Mwitiko una muda bainifu, yaani muda wa kufika asilimia 63 ya safari yake, wa sekunde 240, na kabla haujaanza kuonekana hupita sekunde 20, kwa sababu joto lazima lipenye alumini na ala ya kihisi. Kuishika nyuzi 80 kunahitaji asilimia 36 ya nguvu, maana 54 gawanya kwa 1.5 ni 36.

Kwa mfano huu hesabu kamili inajulikana: Ku ya kweli ni 13.0, yaani asilimia 13 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya kosa, na Pu ya kweli ni sekunde 77.5. Namba zote zinazofuata zimekokotolewa kutoka kwenye mfano huo, ili ionekane kila njia inakosea kwa kiasi gani na inakosea upande gani.

Kupandisha geini

Unazima sehemu ya I, inayolimbikiza kosa, na ya D, inayofuata kasi ya kosa, unabaki na P peke yake, inayozidisha kosa kwa geini. Unaweka geini ndogo, unasogeza lengo kidogo, unatazama. Wimbi likifa, unapandisha geini. Likiendelea bila kubadilika, geini hiyo ndiyo Ku.

Kwa maandishi ni rahisi. Kazini, tatizo la kwanza ni muda. Kwenye 12, wimbi linafifia polepole kiasi kwamba ukilitazama kwa mapigo matatu utaapa kwamba limesimama. Kwenye 14 linakua polepole vilevile. Ili kutofautisha unahitaji mapigo sita hivi kila mara, karibu dakika nane. Ukianza na 2, ukaenda 4, 8, 16, kisha ukarudi 12, 14, 13, umemaliza saa nzima, na hiki ni kifaa chepesi. Tanuri ambalo Pu yake ni dakika 20 litakula siku mbili za kazi kwa utaratibu huohuo.

La pili ni zito zaidi, nalo ndilo linalowadanganya wengi. Ukiweka geini 16, umeshaipita Ku. Wimbi linatakiwa likue bila mwisho, lakini hita haiwezi kushuka chini ya asilimia 0. Kwa kuwa katikati yetu ni asilimia 36, joto likipita lengo kwa nyuzi 2.25, zidisho la 16 limeshamaliza asilimia zote 36 na hita imezima kabisa. Kuanzia hapo wimbi linabanwa, halikui tena, na kwenye chati ya joto linaonekana zuri na thabiti kama lile unalolitafuta. Unaandika Ku = 16. Ukitumia kanuni ya Ziegler na Nichols ya 0.6 mara Ku, kidhibiti kinapata 9.6 badala ya 7.8. Pu uliyosoma itakuwa karibu na kweli, ila Ku ni ya uongo, na kosa lenyewe liko upande wa hatari.

Dalili yake haionekani kwenye joto, inaonekana kwenye chati ya nguvu ya hita. Wimbi halali la nguvu ni la mviringo juu na chini. Ukiona limekatwa bapa upande wowote, jaribio hilo ni batili, hata kama joto linapendeza. Anayetumia njia hii bila kurekodi nguvu ya hita anabahatisha.

Na la tatu ndilo kiini cha mada yetu: kipimo chenyewe kiko kwenye ukingo. Huwezi kujua Ku bila kufika hapo, na huwezi kujua umefika bila kuvuka kidogo. Kimo cha wimbi hukichagui wewe. Kinatokana na mtikisiko ulioanza nao na namna ulivyoukaribia ukingo. Kwa alumini si neno. Kwa boila, au kwa mstari wa kuchemsha maziwa, hakuna msimamizi atakayekuruhusu.

Njia hii bado ina mahali pake. Kwa mota juu ya meza, au kitanzi chochote ambacho Pu ni chini ya sekunde moja na hakuna kinachoweza kuvunjika, majaribio kumi yanaisha kabla chai haijapoa. Na ikifanywa vizuri inatoa Ku ya kweli kabisa, bila makadirio.

Kupiga hatua

Hapa kidhibiti kinawekwa kwenye hali ya mkono. Nguvu inatoka asilimia 36 hadi 46 kwa mara moja, na joto linarekodiwa mpaka litulie upya. Kutoka kwenye mchoro unasoma vitu vitatu: joto limepanda kiasi gani kwa kila asilimia, limechelewa kuanza kwa muda gani, na limechukua muda gani kufika asilimia 63 ya safari yake tangu lilipoanza kupanda. Ku na Pu unazikokotoa.

Uzuri wake ni kwamba kitanzi hakiwezi kuyumba, kwa sababu hakuna kitanzi. Ubaya wake ni umbali. Asilimia 10 mara 1.5 ni nyuzi 15: kipande kitatoka 80 hadi 95, na kitachukua zaidi ya dakika 20 kutulia. Muda wote huo hakuna kinachokilinda. Mlango ukifunguliwa, feni ikiwashwa, umeme ukipungua nguvu, mabadiliko hayo yanaingia kwenye mchoro wako na huwezi kuyatenganisha na hatua uliyopiga. Ukiogopa nyuzi 15 ukapiga hatua ya asilimia 2, unapata nyuzi 3, na hapo upepo wa dirishani unatosha kupotosha kipimo.

Jambo lingine ni kwamba Ku hutegemea sana ule uchelewaji, na uchelewaji ndio unaosomwa vibaya kuliko vyote, kwa sababu mwanzo wa mchoro si kona kali, ni mkunjo mlaini. Ukisoma sekunde 25 badala ya 20, Ku inashuka kutoka karibu 13 hadi karibu 10. Makosa ya sekunde tano kwenye mchoro wa dakika 20 ni unene wa kalamu.

Wakati wa kuichagua ni pale unapohitaji kujua kizidisho cha mchakato na muda bainifu wenyewe, si Ku na Pu peke yake. Wengine hupanga kidhibiti kwa kuamua kasi ya kufunga kosa, na kwao namba hizo ndizo msingi. Kwa tangi ambalo maji huingia na kutoka kwa pampu usiitumie hovyo: ukibadilisha mtiririko, kimo hakitulii popote, kinaendelea kupanda mpaka tangi lifurike.

Relei

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa jina. Relei hapa si kile kiboksi chenye koili na miguso. Ni kanuni ndani ya programu: joto likiwa chini ya lengo, toa nguvu ya juu, likiwa juu ya lengo, toa nguvu ya chini. Hakuna geini ya kupandisha. Kwa sababu ya uchelewaji wa mchakato, amri daima huchelewa kufika, na joto linaanza kupiga wimbi lenyewe kuzunguka lengo. Wimbi hilo hujiweka karibu sana na kipindi cha ukomo bila mtu kukitafuta.

```c
// e = lengo - joto
if (e >  eps) juu = 1;
if (e < -eps) juu = 0;
u = u0 + (juu ? d : -d);
```

`eps` ni pengo dogo la kuzuia kelele za kihisi, kwa sasa sifuri. `u0` ni nguvu ya katikati, kwetu 36. `d` ni kiasi cha kuongeza na kupunguza, tuseme 10, kwa hiyo hita inaruka kati ya asilimia 26 na 46 na haiwezi kutoka nje ya mipaka hiyo hata iweje. Hapo ndipo usalama ulipo. Kwa mchakato unaotulia wenyewe kama huu, nguvu ikiwa na mipaka, joto nalo lina mipaka, na mipaka hiyo umeiweka wewe. Kwenye mfano wetu joto linapiga nyuzi 1.2 juu na 1.2 chini, kila sekunde 77. Linganisha na hatua: asilimia 10 ileile iliyotupeleka nyuzi 15 mbali, hapa inatupeleka 1.2. Sababu ni kwamba relei inageuza amri kila baada ya sekunde 38 hivi, kabla joto halijapata nafasi ya kwenda mbali.

Ku inatoka kwenye uwiano wa kimo cha wimbi la nguvu na kimo cha wimbi la joto, `a`:

```
Ku = 4*d / (pi*a)
```

Kwetu ni 40 gawanya kwa 3.77, yaani 10.6. Wimbi hutulia baada ya mapigo mawili au matatu, kwa hiyo ukitupa mawili ya mwanzo na kupima matatu yanayofuata umemaliza kwa dakika sita na nusu.

| | Geini | Hatua | Relei |
|---|---|---|---|
| Joto linatoka kwenye lengo | hukichagui kimo | nyuzi 15 | nyuzi 1.2 |
| Muda | saa 1 hivi | dakika 20 na zaidi | dakika 7 hivi |
| Ku (kweli ni 13.0) | 13, au 16 ukidanganywa na ukomo wa hita | 10 hadi 13 | 10.6 |
| Pu (kweli ni 77.5 s) | 77.5 | ya kukokotoa | 77 |

Msomaji makini ameshaona: kwa Ku, relei imekosea kwa asilimia 18. Hilo linastahili maelezo, maana wengi huliona na kudhani wamekosea programu.

Kwa nini Ku ya relei si sahihi kabisa, na umbo la wimbi linavyokuonyesha upande wa kosa

Fomula ya `4*d/(pi*a)` inadhani wimbi la joto ni laini kama la sini. Nguvu yenyewe ni mraba, na mraba una mawimbi madogo mengi ndani yake. Fomula inategemea mchakato uyachuje hayo madogo ubaki na moja kubwa. Ukichuja vizuri, Ku ni karibu sahihi. Usipochuja vya kutosha, `a` unayoisoma, nusu ya umbali wa kilele hadi bonde, si kimo cha wimbi kuu.

Kwa mchakato ambao uchelewaji ni mfupi ukilinganisha na muda bainifu, kama wetu wenye 20 kwa 240, joto linapanda na kushuka karibu kwa mistari iliyonyooka. Wimbi ni la pembetatu. Kimo cha wimbi kuu ndani ya pembetatu ni asilimia 81 tu ya kilele chake, kwa hiyo `a` tumeisoma kubwa mno na Ku imetoka ndogo. Zidisha kwa 1.23 urekebishe: 10.6 mara 1.23 ni 13.0. Hata usiporekebisha, kosa liko upande wa upole, na kidhibiti kitakuwa kizito kidogo tu.

Upande wa pili ndio wa kuangalia. Pale uchelewaji unapokuwa mrefu kuliko muda bainifu, kwa mfano bomba refu lenye kihisi mwishoni au mkanda wa kubebea mizigo, joto au uzito unaosomwa unaruka na kukaa bapa. Wimbi la kipimo nalo linakuwa mraba. Hapo wimbi kuu ni kubwa kuliko kilele unachokisoma, na Ku inatoka kubwa kupita kweli kwa hadi asilimia 27. Ukiona mraba, zidisha Ku kwa 0.79 kabla ya kuitumia popote.

Kwa hiyo usikubali kidhibiti kinachokupa Ku na Pu bila kukuonyesha chati. Namba mbili hazitoshi. Umbo la wimbi ni nusu ya kipimo.

Kuliendesha jaribio

Lifikishe joto kwenye lengo kwanza, kwa mkono au kwa mipangilio yoyote iliyopo hata kama ni mibaya, na usubiri litulie. Nguvu iliyopo wakati huo ndiyo `u0`. Anza na `d` ndogo, tuseme 3, upige pigo moja au mawili. Kwetu itatoa wimbi la nyuzi 0.36. Kwa kuwa `a` hukua sambamba na `d`, sasa unajua kabla ya kuthubutu: ukitaka nyuzi 1.2, weka 10. Soma kihisi angalau mara 20 kwa kila pigo. Kwetu kila sekunde moja inatosha sana. Kama hita inawashwa na kuzimwa na swichi ya kielektroniki kwa madirisha ya muda, dirisha liwe fupi mbele ya Pu, sekunde 2 kwa mfano. Dirisha la sekunde 20 litaongeza uchelewaji ambao si wa alumini na litaharibu kipimo.

Mambo mawili huharibu majaribio mengi kuliko mengine.

La kwanza ni `u0` iliyokosewa. Tuseme ulidhani katikati ni asilimia 40, kumbe ni 36. Relei sasa inasukuma 14 juu na 6 chini. Joto linapanda haraka hadi nyuzi 1.7 juu ya lengo, linashuka polepole, na linafika 0.7 tu chini yake. Hita inakaa juu sekunde 28 na chini sekunde 61. Kilele hadi bonde bado ni nyuzi 2.4, kwa hiyo Ku inatoka ileile ya 10.6, lakini kipindi kimekuwa sekunde 89 badala ya 77. Anayetazama namba ya Ku peke yake hataona kitu. Tazama muda wa juu na wa chini: ukizidiana kwa zaidi ya asilimia 10 au 15, rekebisha katikati kwa hesabu hii.

```
u0 = u0 + d*(t_juu - t_chini)/(t_juu + t_chini)
```

Kwetu: 40 jumlisha 10 mara (28 − 61) gawanya kwa 89, unapata 36.3. Pigo moja, na umerudi karibu kabisa na 36. Programu ya Marlin, inayoendesha printa nyingi za 3D, hufanya marekebisho haya yenyewe kila pigo ukitoa amri `M303 E0 S200 C8`, na ndiyo sababu namba za mapigo ya mwanzo hubadilika kabla hazijatulia. Ukiwa nayo, mapigo manane ni bora kuliko matano.

Kama muda wa juu na wa chini unakataa kulingana hata baada ya kurekebisha, mchakato wenyewe hauko sawa pande zote mbili. Tanuri lenye joto kali hupoa kwa namna tofauti na linavyopashwa. Hapo tumia Ku na Pu za pale unapofanyia kazi, na ukihama mbali, pima upya.

La pili ni kelele za kihisi. Bila pengo la `eps`, kihisi kinachotikisika nyuzi 0.1 kitaifanya relei iruke mara nyingi kila joto linapovuka lengo. Kwa hiyo unaweka `eps` ya 0.2, mara mbili ya kelele. Ni lazima, lakini ina bei yake: relei sasa inachelewa kugeuka, na kipindi kinarefuka. Kwetu, `d` ikiwa 10 na `eps` 0.2, kipindi kinapanda hadi sekunde 89 na Ku inashuka hadi 9.3, hata ukitumia fomula iliyorekebishwa:

```
Ku = 4*d / (pi*sqrt(a*a - eps*eps))
```

Fomula hii inaondoa sehemu ndogo tu ya kosa, kwa sababu kitanzi sasa kinapiga wimbi mahali pengine, si kwenye ukomo kamili. Dawa ni kuongeza `d` badala ya kuongeza hesabu. Ukiweka 20, wimbi linakuwa nyuzi 2.6, kipindi kinarudi sekunde 83 na Ku inakuwa 9.9. Pengo likizidi sehemu ya kumi ya kimo cha wimbi, jua Pu yako imeshaanza kupotoka. Kuchuja kelele kwa kichujio kizito si jibu: kichujio ni uchelewaji, nacho kitapimwa kana kwamba ni sehemu ya alumini. Ukichuja, acha kichujio hichohicho kifanye kazi hata baada ya kupanga.

Na tahadhari kuhusu kitufe cha kujipanga kilichopo kwenye vidhibiti vingi vya paneli. Baadhi hupiga relei kati ya asilimia 0 na 100, bila kuuliza. Kwa kipande chetu maana yake ni 64 juu na 36 chini: joto litafika nyuzi 7.7 juu ya lengo. Kama kilicho ndani hakivumilii zaidi ya 82, fanya jaribio kwenye lengo la 70, au weka ukomo wa juu wa nguvu kabla ya kubonyeza.

Mahali relei haifai

Vali inayonata ni ya kwanza. Kama inahitaji msukumo wa asilimia 3 ndipo isogee, na `d` yako ni 2, hakuna wimbi litakalotokea. Ukiweka 4, utapata wimbi, lakini ni wimbi la mnato. Tengeneza vali kwanza. Ya pili ni mchakato usio na uchelewaji wa maana: relei itapiga haraka kadiri programu inavyosoma kihisi, na Pu utakayoandika ni ya kompyuta yako. Ukiona kipindi ni mara tatu au nne ya muda wa kusoma, kitupe. Ya tatu ni tanki la kemikali zinazojitolea joto zenyewe. Pale, nguvu yenye mipaka haihakikishi joto lenye mipaka, na ile hoja yote ya usalama inaanguka.

Kuzitumia namba

Kwa Ku ya 10.6 na Pu ya 77, kanuni ya Ziegler na Nichols kwa PID inatoa geini Kp ya 6.4, muda wa I, Ti, wa sekunde 38 na muda wa D, Td, wa sekunde 10. Itafuta kosa haraka, lakini itapita lengo na kurudi mara kadhaa, kwa sababu kanuni hiyo ililenga kila wimbi liwe robo ya lililotangulia. Kwa joto tungechagua ya Tyreus na Luyben kwa PI: Kp ni Ku gawanya kwa 3.2, yaani 3.3, na Ti ni mara 2.2 ya Pu, yaani sekunde 170. Ni ya polepole zaidi, na inavumilia kosa la asilimia 20 kwenye Ku bila kulalamika, kosa ambalo tayari tunajua relei inaweza kulileta.

Baada ya kuziweka, sogeza lengo nyuzi 2 na utazame. Kitanzi kikiyumba kwa kipindi kilicho karibu na sekunde 77, Kp ni kubwa mno. Kikiyumba kwa wimbi refu, mara tatu au nne ya hapo, Kp iache ilivyo na urefushe Ti.